Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Ujumbe wa "Umeshinda" Unaodai Ada Kwanza

Ukurasa huu unahusu ujumbe wa aina moja tu, yaani ule unaomwambia mtu kwamba ameshinda zawadi au bahati nasibu, kisha unamtaka atume kiasi kidogo cha fedha kabla ya kukabidhiwa. Tumeanza na swali la mtu ambaye bado ameshika simu mkononi na hajui alipe au asilipe. Baada ya hapo tumeingia ndani ya maneno ya ujumbe wenyewe, kwa kuwa tapeli wa aina hii hana silaha nyingine isipokuwa lugha. Viasi vya fedha vilivyotajwa ni vya mfano na hatukuvitajia sarafu, kwa sababu hesabu ni ile ile kwa sarafu yoyote.

Nimeambiwa nimeshinda, ila nilipe ada ndogo ndipo nipewe zawadi yangu. Je, inaweza kuwa kweli?

Usilipe. Mwendesha bahati nasibu halali hupata faida yake kutoka kwa watu wengi walionunua tiketi na kukosa, na gharama za kumtafuta mshindi, kumhakiki na kumlipa zimo katika hesabu zake tangu siku aliyopanga mchezo. Wakati droo inapokwisha, yeye ndiye mwenye deni na mshindi ndiye mdai. Mtu anayegeuza uhusiano huo, akamfanya mshindi awe ndiye anayedaiwa, anaonyesha kwamba hana fedha nyingine anazozingoja isipokuwa hiyo ada.

Watu wengi hushauriwa wajiulize kama walinunua tiketi au walijiandikisha katika shindano lolote. Swali hilo ni zuri, lakini halitoshi, kwa sababu matapeli hupenda kutumia jina la promosheni ambayo kweli inaendelea, na huenda nawe ulishiriki. Kwa hiyo tazama zaidi fedha zinaelekea wapi. Ikiwa hatua ya kwanza ni fedha kutoka kwako kwenda kwao, kumbukumbu ya kwamba ulishiriki isikutulize.

Mbona hawakati ada hiyo kwenye zawadi yenyewe?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na tunatamani kila mpokeaji angeliuliza mapema. Tapeli analijua pia, ndiyo maana jibu lake huja haraka na kwa ufasaha. Majibu hayo ni machache na hurudiwa kila mahali. La kwanza husema kwamba fedha zimewekewa bima, kwa hiyo haziruhusiwi kuguswa hadi zifike mikononi mwa mshindi. La pili husema kwamba ada haiendi kwao, bali inakwenda kwa mamlaka ya kodi, kwa forodha au kwa mwanasheria, nao hawana uwezo wa kuilipa kwa niaba yako. La tatu husema kwamba malipo ni njia tu ya kuhakikisha kuwa akaunti yako iko hai.

Yatazame majibu hayo yakiwa pamoja. Kila moja linamwondoa mzungumzaji kwenye lawama na kuihamishia kwa kanuni isiyoweza kuulizwa: bima, sheria, mfumo. Mzungumzaji hubaki akionekana mtu mwema anayesikitika pamoja nawe. Sasa mwombe mambo mawili: jina la sheria au la kampuni ya bima, na namba ya akaunti ya taasisi inayopokea ada. Kinachokuja badala yake ni namba ya simu ya mtu binafsi, au maagizo ya kununua kadi za vocha na kumsomea tarakimu zake. Hakuna mamlaka ya kodi inayopokea kodi kwa kusomewa tarakimu za vocha.

Je, maneno ya ujumbe wenyewe yana mtego gani?

Hebu tuchukue ujumbe wa mfano, ulioundwa kwa vipande vinavyopatikana katika ujumbe mwingi wa aina hii, kisha tuupitie sentensi kwa sentensi:

"HONGERA! Namba yako imechaguliwa na kuthibitishwa kuwa mshindi wa 500,000 katika droo yetu ya maadhimisho. Namba ya ushindi: KB/7741/09. Fedha zako zimeshatengwa. Ili kuzipokea, kamilisha ada ya usajili ya 1,500 tu, ambayo itarudishwa pamoja na zawadi yako. Muda wa kudai ni saa 24, baada ya hapo zawadi yako itahamishiwa kwa mshindi wa akiba. Kwa usalama wako, usimweleze mtu yeyote hadi fedha zitakapoingia. JIHADHARI NA MATAPELI."

Anza na vitenzi. "Imechaguliwa", "kuthibitishwa", "zimeshatengwa", "itarudishwa", "itahamishiwa": vyote viko katika kauli ya kutendwa. Lugha yetu inaturuhusu kusema jambo limetendwa bila kumtaja mtendaji, na hapo ndipo tapeli anapojificha. Njia nyepesi ya kumtoa ni kukigeuza kila kitenzi kirudi katika kauli ya kutenda na kumtafuta mtendaji wake. Nani alichagua namba hii, siku gani, na mbele ya mashahidi gani? Nani amezitenga fedha, na katika benki ipi? Ujumbe halali hustahimili ugeuzaji huo, kwa sababu majina, tarehe na mahali vipo. Ujumbe huu unabaki mtupu.

Baada ya hapo, tazama viambishi na vimilikishi. "Zimeshatengwa" inaleta hali ya jambo lililokwisha, na "zako" inakupa umiliki wa kitu ambacho dakika moja kabla hukukijua. Ukishazikubali fedha kuwa zako, hesabu moyoni mwako hubadilika: hujiulizi tena kama upate, unajiuliza kama upoteze. Sentensi ya saa 24 inajengwa juu ya msingi huo. Haisemi kwamba hutapewa zawadi. Inasema kwamba zawadi *yako* atapewa mtu mwingine, huyo "mshindi wa akiba", ambaye kazi yake pekee katika ujumbe ni kukutia wivu.

Kisha linakuja neno "kamilisha". Mwandishi ameyakwepa maneno "lipa" na "tuma", ambayo yangeamsha tahadhari, akachagua neno linalodokeza kwamba sehemu kubwa ya shughuli imekwisha fanyika na kimebaki kipande kidogo. "Tu" iliyofuata baada ya 1,500 inafanya kazi hiyo hiyo. Jina la ada nalo limechaguliwa kwa uangalifu: usajili, uhakiki, uchakataji, ushuru, bima, cheti. Yote ni maneno ya ofisini, ambayo mtu amezoea kuyalipia bila kuuliza sana.

"Itarudishwa" ni ahadi iliyowekwa ili kukupa hisia kwamba hulipi chochote, unaweka amana tu. Lakini isome tena: itarudishwa *pamoja na zawadi*. Marejesho yamefungwa kwenye kitu ambacho hakipo, kwa hiyo ahadi nzima haina uzito hata kidogo.

Namba ya ushindi ina mikwaju na herufi kubwa ili ifanane na kumbukumbu ya ofisi. Swali la kuuliza ni kwamba inaweza kuhakikiwa wapi. Namba ya kweli huweza kulinganishwa na orodha iliyotangazwa hadharani au na kipande cha tiketi ulicho nacho. Hii inaweza kuhakikiwa kwa kumpigia aliyeituma peke yake.

Sentensi ya kuficha siri ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu inamtenga mtu na wale ambao wangemwokoa. Mara nyingi hupambwa kwa sababu inayoonekana ya busara, kama vile kuzuia mtu mwingine asije kudai zawadi hiyo hiyo kwa jina lako. Ukweli ni kwamba mke, mume, mtoto au jirani akiusoma ujumbe huo, mara nyingi hutambua hila ndani ya dakika chache, kwa kuwa yeye hajaanza kuzipangia fedha hizo matumizi. Bahati nasibu halali inaweza kukushauri uitunze tiketi yako na usiwaonyeshe watu namba zake, lakini haikukatazi kumwuliza mwenzako au kwenda kwa mwanasheria.

Mwishoni kuna onyo dhidi ya matapeli. Wengi hutuuliza: mwizi anawezaje kuonya juu ya wizi? Anaonya kwa sababu msomaji hudhani kwamba mwizi hawezi kufanya hivyo. Onyo hilo pia humfanya msomaji amshuku mtu wa nje, kwa mfano mfanyakazi wa benki atakayemzuia, badala ya kumshuku aliyeandika.

Ada ya 1,500 ni ndogo sana. Kwa nini mtu ahangaike kuniibia kiasi hicho?

Kwanza, hakuandikii wewe peke yako. Tuseme ametuma ujumbe 10,000 na watu 5 tu wamelipa. Amepata 7,500 kwa kazi ya kubonyeza kitufe. Pili, na hili ndilo zito, malipo ya kwanza ni mtihani wa kumtambua mtu anayeamini. Mazungumzo halisi huanza baada ya kulipa.

Tufuatilie mfano mmoja hadi mwisho. Mtu analipa 1,500, ambayo ni elfu moja na mia tano dhidi ya laki tano, yaani tatu katika kila elfu. Siku ya pili anapigiwa na "afisa" mwenye sauti ya upole, anayempongeza na kumweleza kuwa mfumo umezikubali taarifa zake, isipokuwa kodi ya 6,000 haijalipwa. Analipa. Siku ya nne anaambiwa kwamba, kwa kuwa kiasi ni kikubwa, panahitajika cheti cha kuthibitisha kuwa fedha si haramu, nacho ni 15,000. Anasita, na hapo anaambiwa neno lenye nguvu kuliko yote: akiacha sasa, 7,500 alizokwisha kulipa zitapotea. Anakopa na kulipa. Wiki inayofuata fedha "zimekwama" njiani na kuzikwamua ni 20,000.

Jumla sasa ni 42,500, zaidi ya mara 28 ya ada ya kwanza. Angeombwa kiasi hicho siku ya kwanza, angekataa bila kufikiri. Lakini hakuombwa hivyo. Kila mara alilinganisha hatua moja na 500,000, wala hakuwahi kulinganisha jumla ya yote aliyolipa na yale aliyokwisha kupokea, ambayo ni sifuri. Ndiyo maana tunamshauri mtu aliyekwisha kulipa hata mara moja aandike kwenye karatasi safu mbili, nilizotoa na nilizopokea, aziangalie kabla ya kujibu simu nyingine. Msururu huu hauna ada ya mwisho, kwani huisha pale tu mlipaji anapoishiwa au anapozinduka.

Wao walinitumia hundi kwanza, nami natakiwa kulipa ada kutoka humo. Hapo nitapotezaje?

Hii ni sura ya hatari zaidi, kwa sababu inaonekana kujibu lile swali la kukata ada kwenye zawadi. Unapokea hundi, unaiweka benki, na baada ya siku chache salio lako linaongezeka. Unaagizwa utume sehemu yake upesi, kwa njia isiyorudi nyuma, kuwa kodi au ada ya wakala.

Kinachofichwa ni kwamba salio kuonekana na hundi kulipwa ni mambo mawili tofauti. Katika nchi nyingi benki humruhusu mteja kutumia fedha za hundi kabla ya benki iliyoitoa kuthibitisha kwamba ni halali, na hundi ya kughushi inaweza kugundulika baada ya siku nyingi, hata wiki kadhaa. Ikigundulika, benki huondoa kiasi chote kwenye akaunti yako, na ulichokituma kinabaki kuwa hasara yako. Hatua za hapa ni kutotuma chochote na kumwuliza mfanyakazi wa benki, kwa maneno haya hasa: "Je, hundi hii imekwisha kulipwa na benki iliyoitoa, au mmenikopesha salio tu?" Swali la jumla, kwamba fedha zimeingia au la, linaweza kupata jibu la "ndiyo" lisilokusaidia.

Wanalijua jina langu kamili. Je, hiyo si dalili kwamba ni wa kweli?

Hapana. Majina na namba za simu huvuja, huuzwa, na mara nyingine huonekana kwa mtu yeyote anayejaribu kukutumia fedha au anayetembelea ukurasa wako. Kulijua jina lako kunathibitisha kwamba wanalijua jina lako, basi.

Ujumbe una makosa mengi ya tahajia. Mbona hawauandiki vizuri ili udanganye watu wengi zaidi?

Baadhi ya makosa ni uzembe wa kawaida, na baadhi huwekwa makusudi ili vichujio vya barua taka visiyatambue maneno kama "zawadi" au "ushindi". Lakini kuna maelezo ya tatu yanayostahili kutafakariwa. Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa Microsoft Research alichapisha hoja kuhusu barua pepe za utapeli zenye visa visivyoaminika. Alieleza kwamba kutuma ujumbe hakugharimu kitu, ila kuzungumza na kila anayejibu kunagharimu muda. Kwa hiyo ujumbe wa ajabu ajabu unamfaa tapeli, kwa kuwa wenye mashaka hujiondoa wenyewe, na wanaobaki ni wale wanaoelekea kulipa.

Tunaongeza angalizo moja, na tunaliona kuwa muhimu: usiugeuze usemi huu ukadhani kwamba ujumbe ulioandikwa kwa lugha safi ni salama. Uliochambuliwa hapo juu hauna kosa hata moja la tahajia.

Je, hakuna kabisa zawadi halali ambayo mshindi hulipa kitu?

Hapa tunapaswa kuwa wakweli, kwa sababu tapeli huutumia mwanya huu. Zawadi za fedha hutozwa kodi katika baadhi ya nchi, na kwa kawaida ama hukatwa kabla mshindi hajalipwa, ama mshindi mwenyewe huitangaza na kuilipa kwa mamlaka ya kodi baada ya kupokea. Ugumu uko kwenye zawadi ya kitu, kama gari, ambayo haiwezi kukatwa kipande. Katika baadhi ya nchi mshindi wa zawadi kama hiyo anaweza kweli kutakiwa kumaliza suala la kodi kabla ya kukabidhiwa.

Tofauti inaonekana katika namna jambo linavyofanyika. Hufuati namba iliyo kwenye ujumbe wala kiungo chake, badala yake unaitafuta kampuni mwenyewe, kupitia namba iliyochapishwa kwenye bidhaa yao au ofisi yao inayojulikana, na unawauliza kama wana mshindi mwenye jina lako. Unaiuliza mamlaka ya kodi kiwango na namna ya kulipa. Unapewa masharti ya shindano yaliyochapishwa kabla ya droo, na humo kodi imetajwa. Hakuna anayekuharakisha kwa saa, na hakuna anayekataza uende na mtu.

Utapeli huu ni wa zama za simu tu?

La. Katika karne ya 19 watu walipokea barua za posta zilizodai kuwa tajiri fulani amefungwa gerezani Hispania, na kwamba anayesaidia kwa kiasi kidogo atagawiwa mali yake. Utapeli huo ukajulikana kama "Mfungwa wa Hispania". Barua hizo nazo zilisisitiza siri. Baadaye, mtindo wa kudai ada kabla ulipata jina la "419" kutokana na kifungu cha Sheria ya Jinai ya Nigeria kinachohusu kujipatia mali kwa udanganyifu, ingawa wanaoufanya wapo katika nchi nyingi.

Nimeshalipa. Nifanye nini sasa?

Piga simu kwa kampuni uliyotumia kutuma fedha, iwe benki au huduma ya fedha kwa simu, kabla ya jambo lingine lolote, na uombe muamala uzuiwe au urudishwe. Muda una thamani kubwa hapa, kwani fedha ambazo mpokeaji hajazitoa zinaweza kuzuiwa, na alizokwisha kuzitoa ni vigumu sana kurudi. Ikiwa ulisoma tarakimu za vocha, piga kwa kampuni iliyoitoa ukiwa na risiti.

Usifute ujumbe. Piga picha ya skrini, andika namba zote, tarehe, saa na kumbukumbu ya kila muamala, kisha toa taarifa polisi. Ikiwa uliwapa namba ya siri, nywila au tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye simu yako, badilisha namba ya siri na nywila na uijulishe benki, kwa kuwa hasara inaweza kuvuka ile ada. Kwao usijibu tena, hata kwa kuwatukana, kwa sababu jibu lolote linawaambia kwamba namba bado inatumika.

Sasa amenipigia mtu mwingine, anasema amewakamata matapeli na anaweza kunirudishia fedha zangu kwa ada kidogo.

Huo ni ujumbe ule ule uliovaa nguo nyingine. Orodha za watu waliokwisha kulipa hutunzwa na kuuzwa baina ya matapeli, na mara nyingi anayepiga ndiye yule yule wa kwanza. Anataja kiasi sahihi ulichopoteza, jambo linaloshtua, lakini anakijua kwa kuwa alikipokea. Maneno nayo yamerudi: fedha "zimepatikana", "zimezuiwa kwa jina lako", "kamilisha" ada ya kuziachilia.

Mama yangu anaamini ameshinda na anakasirika nikimpinga. Nimsaidieje?

Usianze na neno "umetapeliwa", hasa mbele za watu, kwa sababu tapeli amekwisha kumwandaa kwamba wenye wivu watamzuia, na hasira yako itaonekana kuthibitisha alichoambiwa. Keti naye mkiwa wawili, umwombe akusomee ujumbe kwa sauti, kisha mwulize kwa heshima maswali mnayoweza kuyatafutia majibu pamoja: "Mama, aliyekuchagua anaitwa nani? Tukizipiga namba zao zilizo kwenye tangazo lao lenyewe, watatuambia nini?" Mpige simu hiyo pamoja, simu ikiwa mkononi mwake. Akisikia mwenyewe kutoka kwa kampuni kwamba hakuna droo kama hiyo, hatakuwa ameshindwa na mwanawe. Na kama amekwisha kulipa, asiulizwe alikuwa anafikiri nini, aulizwe alilipa lini na kwa njia gani, kwa sababu hayo mawili ndiyo benki itakayoyahitaji.